Jinsi ya Kumwomba Rafiki Mswahili Akuonyeshe Makosa Yako Bila Kumtia Aibu Wala Kumchosha

Mwongozo huu ni wa mtu wa Nairobi ambaye Kiswahili anakisema kutwa nzima, kwenye matatu, dukani na kazini, lakini sasa anahitaji kilichonyooka. Pengine amepewa kazi ya kusherehesha harusi Mombasa, au anasoma matangazo kanisani, au anajiandaa kwa usaili wa kazi ambako Kiswahili sanifu ndicho kitakachopimwa. Ana rafiki aliyekulia Mvita, Lamu au Unguja, wanakutana kila wiki, na kwa miaka yote hiyo rafiki huyo hajawahi kumwambia, "Hapo umekosea." Akiulizwa, jibu ni lile lile: "Mbona waongea vizuri tu!"

Rafiki huyo hakufichi kitu kwa ubaya. Anakuelewa, na mazungumzo hayasimami kwa sababu ya "kitabu yangu". Isitoshe, Nairobi nzima inasema "kitabu yangu", kwa hiyo baada ya mwaka mmoja mjini sikio lake limeshazoea. Liko pia jambo la adabu, ambalo si la Pwani peke yake. Mwaka 1977 watafiti wa mazungumzo Emanuel Schegloff, Gail Jefferson na Harvey Sacks walionyesha kwamba katika mazungumzo ya kawaida watu humwachia msemaji nafasi ajirekebishe mwenyewe, na ni nadra mwingine kumrekebisha. Kwa hiyo unapomwambia "nirekebishe", unamwomba avunje kanuni aliyoishi nayo tangu utotoni, tena mbele ya rafiki yake. Ombi la jumla namna hiyo halifiki mbali. Atasahihisha siku mbili, ya tatu ataacha.

Dawa ni kumpunguzia mzigo. Usimfanye hakimu wa Kiswahili chako. Mwombe sentensi yake, kisha kazi ya kutafuta kosa uifanye wewe.

Kwanza, jirekodi kabla ya kumsumbua mtu

Chukua simu, simulia jambo lililokutokea jana kwa dakika moja, bila kuandika chochote kwanza. Ukiandika utajisahihisha na rekodi haitakusaidia. Halafu sikiliza na uandike neno kwa neno, pamoja na makosa. Tuseme imetoka hivi:

"Jana nilitoka kazini saa kumi na moja. Matatu yenye nilipanda ilikuwa imejaa. Nilikuwa nimebeba kitabu yangu na mwavuli yangu. Watu wenye walikuwa nyuma wakaanza kusukumana. Kiti yenye nilikuwa nimeshikilia ikavunjika, nikaumia mguu. Mpaka leo mguu yangu inauma."

Ukisoma haraka utaona makosa mengi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa au humrundikia rafiki kila kitu. Soma tena polepole. Kuna vishazi vitatu vya kueleza ni kitu gani au ni nani: "yenye nilipanda", "wenye walikuwa nyuma", "yenye nilikuwa nimeshikilia". Vyote vitatu vimejengwa kwa "-enye", ambayo kwa usanifu hutumika kwa mtu au kitu kilicho na kitu kingine, kama "mtu mwenye gari" au "nyumba yenye madirisha". Ukiviweka kando vishazi hivyo, kuna mahali saba ambapo neno linapaswa kufuata ngeli ya nomino yake: ilikuwa imejaa, yangu, yangu, wakaanza, ikavunjika, yangu, inauma. Mawili ni sahihi, matano yamekosewa. Lakini tazama yale matano: kitabu, mwavuli, kiti na mguu vyote vimepewa "ya-" au "i-", kana kwamba kila kisicho na uhai kiko kwenye ngeli moja na nyumba. Kwa hiyo hayo si makosa matano. Ni zoea moja lililojirudia.

Maana yake una mambo mawili tu ya kumpelekea rafiki, nayo ndiyo utakayomwomba. Mengine yote, lafudhi, msamiati, Sheng iliyoponyoka, yaache kwa sasa. Mtu akipewa vitu viwili vya kusikilizia, masikio yake hufunguka. Akiambiwa asikilize "makosa yoyote", hasikii lolote, au anashika maneno peke yake kwa sababu neno geni ndilo linaloonekana upesi. Hiyo ni dalili nzuri ya kujua kama ombi lako lilikuwa pana mno: ukipata masahihisho ya msamiati matupu ("sisi hatusemi stejini, twasema kituoni") na hakuna hata moja la upatanisho, rudi ulipunguze.

Ombi lenyewe

Lipeleke mkiwa wawili tu. Usilitoe mezani mbele ya wengine, wala katikati ya hadithi yake, wala kwenye kundi la WhatsApp. Ujumbe wa faragha ni bora kuliko uso kwa uso, kwa sababu unampa nafasi ya kufikiri na nafasi ya kukataa. Useme mambo manne: unachotaka, kwa nini, kwa muda gani, na kwamba akikataa hakuna neno. Kwa rafiki wa rika lako, wa kutoka Mombasa, yanatosha haya:

"Salama ndugu yangu? Nina jambo dogo. Mwezi ujao nitasherehesha harusi huko kwenu, na Kiswahili changu cha bara nakijua. Ngeli zinanishinda, na ile 'yenye' naitia kila mahali. Naomba msaada wa wiki nne tu: kila Jumapili nikutumie ujumbe wa sauti wa dakika moja, nawe unisimulie hadithi hiyo hiyo kwa maneno yako, kama vile wamsimulia mtu wa kwenu. Usinieleze kanuni wala usinihesabie makosa, hiyo kazi yangu. Kama una mambo mengi saa hizi niambie tu, haina shida kabisa."

Kila sehemu ya ujumbe huo ina kazi. "Wiki nne" inamwonyesha mwisho, na kazi yenye mwisho hukubaliwa upesi kuliko ya milele. "Ngeli zinanishinda" inamwondolea ile kazi ya kukuambia habari mbaya, maana umeshajiambia mwenyewe. "Usinieleze kanuni" ni muhimu kuliko inavyoonekana. Mtu aliyezaliwa na lugha anajua kwamba "mguu yangu" haikai vizuri, lakini ukimuuliza kwa nini, atababaika, na kubabaika katika lugha yake mwenyewe humwaibisha. Ukimuuliza kwa nini mara tatu atakukwepa. Swali analoweza kulijibu saa yoyote bila jasho ni hili: "Wewe ungesemaje?"

Kama unayemwomba ni mkubwa wako, tuseme mama wa rafiki yako au mzee jirani pale Majengo, usianze na simu. Nenda, mwamkie shikamoo, kaa, na umwambie kwa upole: "Mama, nataka nikija hapa niwe najifunza kuongea kama nyie. Nikisema neno likakukwaza, naomba unirudie nalo, sitaona vibaya." Kumpangia mkubwa ratiba ya Jumapili na dakika ngapi si adabu. Kwake, msaada utakuja kwa nyakati anazotaka yeye, nawe utashukuru kwa kila kimoja.

Kwa nini asimulie badala ya kusahihisha

Rafiki asiyependa kukosoa huwa anasahihisha kwa njia moja tayari, na wewe huioni. Unasema, "Kiti ikavunjika," naye anadakia, "Loo, kiti kikavunjika? Ukafanyaje?" Amekupa umbo sahihi, mazungumzo yameendelea, na sikio lako limechukua swali tu. Mwaka 1997 watafiti Roy Lyster na Leila Ranta walichunguza madarasa ya watoto waliofundishwa kwa Kifaransa nchini Kanada, wakakuta zaidi ya nusu ya masahihisho ya walimu yalikuwa ya namna hii ya kurudia kwa usahihi, na ndiyo yaliyoitikiwa kidogo zaidi na wanafunzi. Mtoto husikia mwalimu anakubaliana naye.

Sasa, huwezi kumbadilisha rafiki yako awe mwalimu mkali, lakini unaweza kuchukua tabia hiyo hiyo yake na kuihamishia mahali ambapo unaweza kuisikiliza mara tano. Ndiyo faida ya ujumbe wa sauti. Akikurudishia hadithi yako, itasikika karibu hivi:

"Jana nilitoka kazini saa kumi na moja. Matatu niliyopanda ilikuwa imejaa. Nilikuwa nimebeba kitabu changu na mwavuli wangu. Watu waliokuwa nyuma wakaanza kusukumana. Kiti nilichokuwa nimekishikilia kikavunjika, nikaumia mguu. Mpaka leo mguu waniuma."

Andika yake chini ya yako, sentensi kwa sentensi, na uweke mstari kila mahali zinapotofautiana. Zile ulizozitafuta zitajitokeza zenyewe: niliyopanda, changu, wangu, waliokuwa, nilichokuwa, kikavunjika. Utaona pia kitu ambacho hukukitafuta, "nimekishikilia", yenye ile "-ki-" ya kurejelea kiti, na "mguu waniuma" mahali pa "inauma". Hiyo ya mwisho huwababaisha watu wa bara. Masikio yetu husikia "wa-" yakadhani ni watu wengi wanaoniuma. Ni "u-" ya mguu imeungana na "-a-" ya wakati uliopo, na ni Kiswahili sanifu kabisa sawa na "unaniuma". Tofauti za namna hii usizihesabu kuwa kosa lako. Ni chaguo lake, nawe unaweza kubaki na lako ilimradi upatanisho umeshika.

Ukikuta tofauti usiyoielewa, muulize kuhusu moja tu kwa siku, tena kwa kumpa mbili achague: "Hapa, mguu unaniuma na mguu waniuma, zote zakaa?" Swali la kuchagua lina jibu la sekunde tatu. Ukihitaji kanuni, ifuate kwenye kamusi nzuri ya Kiswahili. Kando ya nomino utaona imeandikwa ngeli yake, ki-/vi- au u-/i- na kadhalika.

Baada ya wiki mbili, mwombe ishara mkiwa ana kwa ana

Sasa ameshazoea, na hakuna aliyeaibika. Mkiwa mnakunywa chai, mwombe dakika kumi za mwisho tu ziwe za kazi. Kabla ya hapo ongeeni mambo yenu, na akisikia kosa aliache lipite. Katika dakika hizo kumi, akisikia moja ya yale mambo mawili, asikupe jibu. Arudie neno lako lenyewe kwa kulipandisha kama swali, "Mwavuli yangu?", kisha anyamaze. Wewe ndiye unayetakiwa kulitengeneza. Ukimya wa sekunde nne tano mezani ni mrefu, na yeye atatamani kukuokoa, kwa hiyo mwambie mapema asubiri. Ukishindwa, ndipo aseme, "Mwavuli wangu."

Ishara hii inakaa vizuri na ile adabu tuliyoitaja mwanzoni, kwa sababu bado wewe ndiye unayejirekebisha. Rafiki aliyekataa katakata kusema "umekosea" hukubali kurudia neno moja bila shida.

Jibu lako kwa sahihisho la kwanza ndilo litakaloamua kama litakuja la pili. Sema sentensi nzima upya, "Nilisahau mwavuli wangu kwenye matatu," kisha endelea na hadithi. Neno "asante" moja linatosha. Usicheke kwa aibu, usiseme "aki mimi Kiswahili kilinipita", maana utamlazimisha akufariji na kukufariji ni kazi nyingine. Na hata kama una hakika umesema sawa, usibishe pale pale. Rafiki akibishiwa mara moja anarudi kwenye "waongea vizuri tu", na safari hii hatatoka huko.

Kwa maandishi kuna njia nyepesi zaidi. Mwambie anakili ujumbe wako, aukate kwa alama za WhatsApp, aurudishe. Neno likizungushiwa `~` linakatwa mstari, likizungushiwa `*` linakolezwa:

```
Nimeleta ~kitabu yangu~ *kitabu changu*
```

Mkubaliane asizidishe masahihisho matatu kwa ujumbe mmoja. Yakiwa kumi, wewe utayatazama tu bila kuyashika, na yeye atachoka.

Yanayoharibika, na utakavyoyatambua

La kwanza ni lahaja. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na ile kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Rafiki wa Mvita aliyekulia kwenye Kimvita anaweza kukupa "ndoo" kwa "njoo", au "mtele" kwa "mchele". Hajakosea, hicho ndicho Kiswahili cha kwao na kina fasihi kongwe kuliko sanifu. Lakini kwenye usaili Nairobi hakitakusaidia. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza mpe maneno mawili ya kutumia: "kwetu" na "kitabuni". Akisema "kwetu twasema hivi", unaandika kwenye ukurasa mwingine wa daftari. Kama harusi unayosherehesha iko Mvita, ukurasa huo ndio wa kuubeba.

La pili ni kusahihisha kupita kiasi, na hili hutoka kwako. Ukishaanza kuogopa "yangu", utaanza kusema "rafiki wangu" na "mama wangu", kwa kuwa ni watu. Rafiki yako atasita, kwa sababu yeye husema "rafiki yangu amefika": kimilikishi cha "ya-", kitenzi cha "a-". Majina mengi ya udugu na urafiki yasiyo na kiambishi cha "m-" yanakaa hivyo, mama yangu, ndugu yangu, dada yangu. Ukimwona anasita bila kutoa ishara, mara nyingi ndipo ulipo. "Gari" nalo lina mgogoro wake. Kitabuni ni "gari langu", lakini utamsikia hata Mswahili wa kuzaliwa akisema "gari yangu". Akiiacha ipite, usimkamate kwa hilo.

La tatu ni rafiki aliyezidi. Watu wengine ukiwafungulia mlango huu wanaingia na jamaa zao: anakukosoa mbele ya wenzako, au anakukatiza ukimpa habari ya msiba. Usinyamaze mpaka ukasirike. Siku hiyo hiyo mwambie, mkiwa wawili: "Kaka, tubaki na zile dakika kumi. Mbele ya watu niache nianguke tu." Na ukiona amechoka, yaani ujumbe wa Jumapili unajibiwa Jumatano, au hadithi yako ya dakika moja inarudi kwa sentensi mbili, simamisha wewe kwanza. Mkiisimamisha mapema utaweza kumwomba tena baada ya miezi miwili. Ukimsubiri yeye asimamishe, hatasema, ataacha tu kupokea simu.

Shukrani nayo ifikiriwe, maana mkono mtupu haulambwi. Kumlipa rafiki pesa hubadilisha urafiki kuwa ajira, lakini mahamri na mbaazi za siku hiyo lipia wewe, na kama kuna barua ya ofisi au fomu inayomsumbua, kaa naye uimalize.

Kupima

Kila Jumapili, kabla ya kutuma, fanya ile hesabu ya mwanzo kwenye rekodi mpya: upatanisho mahali pangapi, sahihi pangapi, vishazi vingapi, vya "-enye" vingapi. Usilinganishe idadi ya makosa peke yake, kwa sababu hadithi yenye watu wengi na vitu vichache hujipa alama za bure. Watu ni a-/wa-, na hiyo hakuna anayeikosea. Chagua hadithi zenye vitu: kuhama nyumba, kupika pilau, kutengeneza baiskeli. Hizo zitakulazimisha kupita kwenye ki-, u-, li- na ya- ndani ya dakika moja.

Vishazi kwa kawaida hubadilika kabla ya ngeli, kwa kuwa "niliyopanda" ni umbo unaloweza kulikusudia, ilhali upatanisho unatakiwa kutoka wenyewe huku akili iko kwenye habari. Ikifika wiki ya nne na "-enye" imepotea lakini "mguu yangu" bado ipo, muongezee rafiki muda wa jambo hilo moja ikiwa yuko tayari, na uchague ngeli moja tu ya kusikilizia, u-/i-, ambayo hupotea sana Nairobi: mguu, mkono, mti, mkate, mfuko, mlango, moyo.